Jedwali langu la tafiti limeitwa orodha: nifanyeje?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nimetoka hospitali ya wilaya upande wa Tukuyu na sasa nasoma shahada hapa Mbeya mjini. Andiko langu la utafiti linahusu kuzuia vidonda vya mgandamizo kwa wagonjwa wasioweza kujigeuza wodini. Nimesoma makala nyingi, nikatengeneza jedwali kwenye Excel lenye kolamu za mwandishi, mwaka, lengo, mbinu, matokeo na hitimisho. Msimamizi wangu amelirudisha na kuandika pembeni: "Hii ni orodha. Tafiti hazizungumzi." Kinachonichanganya zaidi ni kwamba zinapingana. Mmoja anasema kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 4 ndiko bora, mwingine anasema saa 2, 3 au 4 hakuna tofauti, na sisi wodini tulifundishwa saa 2. Je, niondoe zinazopingana? Kolamu ziwe zipi? Natakiwa kurudisha sura ya pili mwisho wa mwezi.*

*Muuguzi wa Rungwe*

Marahaba, mwanangu. Usiondoe hata moja. Hizo unazoziona zinapingana ndizo zitakazokuandikia sura ya pili, na ukizipanga kwa kolamu zinazofaa utakuta kwamba sehemu kubwa ya ubishi wao inayeyuka. Kila utafiti umejibu swali lake, ila jedwali lako limeyamimina majibu yote ndani ya kisanduku kimoja kinachoitwa "matokeo".

Angalia vichwa vya kolamu ulivyoweka. Vingeweza kutumika kwenye utafiti wa malaria, wa lishe ya watoto au wa utoro shuleni bila kubadilisha neno. Havijui chochote kuhusu kidonda. Kolamu za jedwali la vidonda vya mgandamizo zinatakiwa zitokane na mambo mawili: yale yanayomfanya mgonjwa apate kidonda au asipate, na yale yanayomfanya mtafiti akione kidonda hicho au asikione. Mwandishi na mwaka vibaki, kwa sababu lazima ujue unamsoma nani. Lengo na hitimisho viondoe kabisa. Hitimisho ni maoni ya mwandishi juu ya namba zake, na wewe kazi yako ni kuzitazama namba zenyewe.

Kabla ya hapo, punguza swali. Ukisema "kuzuia" tu, utajikuta na tafiti za magodoro, za lishe, za mafuta ya ngozi, za bandeji za povu zinazobandikwa kitakoni, za skeli za kupima hatari, zote kwenye jedwali moja, na hazitazungumza kamwe kwa sababu hazina jambo la kuzungumzia. Jedwali moja libebe swali moja. Kwa kuwa kinachokusumbua ni saa za kumgeuza mgonjwa, tushike hilo, nami nitakuonyesha kwa tafiti ambazo nina hakika umekutana nazo, maana kila anayetafuta habari za kumgeuza mgonjwa huzikuta.

Anza na Defloor na wenzake, 2005, Ubelgiji. Huu ndio uliokupa ile "saa 4 ndiko bora". Walichukua wazee 838 kwenye nyumba 11 za kutunzia wazee, wakawafuatilia kwa wiki 4. Kundi moja liligeuzwa kila saa 2, jingine kila saa 3, jingine kila saa 4, jingine kila saa 6. Kundi la saa 4 lilipata vidonda asilimia 3. Makundi mengine yalikuwa kati ya asilimia 14 na 24. Ukisoma hivyo tu, utaandika kwamba saa 4 imeishinda saa 2, na utashangaa inawezekanaje mtu anayegeuzwa mara chache apone zaidi ya anayegeuzwa mara nyingi.

Sasa weka kolamu ya godoro. Makundi ya saa 2 na saa 3 yalilala kwenye godoro la kawaida la taasisi. Makundi ya saa 4 na saa 6 yalilala kwenye godoro la povu maalumu, lile linalolainika kwa joto la mwili na kufuata umbo la mgonjwa ili uzito usambae. Kwa hiyo anayelinganisha saa 2 na saa 4 katika utafiti huu analinganisha vitu viwili kwa pamoja, saa na godoro, na hawezi kujua ni kipi kilichofanya kazi. Ulinganisho halali wa saa peke yake ni ndani ya godoro lilelile: saa 2 dhidi ya saa 3 kwenye godoro la kawaida, na saa 4 dhidi ya saa 6 kwenye godoro maalumu. Huu wa pili una jambo la kukuambia, kwamba hata godoro zuri lina kikomo. Ukimwacha mgonjwa saa 6, vidonda vinarudi kwenye viwango vya makundi mengine. Utaona kwamba kolamu moja imebadilisha kabisa maana ya utafiti ambao ulidhani umeuelewa.

Lakini kolamu ninayoiona ya muhimu kuliko zote ni ile inayouliza: hapa kidonda ni nini? Nitaikawilia kidogo, kwa sababu wanafunzi wengi wanaoniletea kazi zao huku Nyanda za Juu Kusini huikosa, na ikikosekana jedwali zima linakudanganya.

Vidonda vya mgandamizo, kama ulivyosoma, vina madaraja. Daraja la 1 ngozi haijachanika. Kuna wekundu usiofifia ukiubonyeza kwa kidole. Kuanzia daraja la 2 ngozi imefunguka au kuna lengelenge. Mtafiti mmoja anahesabu kuanzia daraja la 1, mwingine anaanza daraja la 2, na wote wawili wanaandika kwenye ikisiri yao kwamba wamepima "vidonda". Rudi kwa Defloor uone uzito wa jambo hili. Zile asilimia 3 na 14 hadi 24 ni za daraja la 2 na kuendelea. Wekundu usiofifia waliuhesabu peke yake, na huo ulikuwa kati ya asilimia 35 na 38 katika makundi yote, bila tofauti. Wagonjwa walewale, siku zilezile, vitanda vilevile. Ukihesabu wekundu, ratiba zote zinalingana. Ukihesabu ngozi iliyofunguka, ratiba moja inazipita nyingine kwa mbali. Mwanafunzi aliyeandika "matokeo: asilimia 3" na mwenzake aliyeandika "matokeo: asilimia 35" wote wamenakili kutoka makala hiyohiyo, na hakuna aliyekosea kunakili.

Kwetu kolamu hii ina kazi ya ziada. Wekundu usiofifia unaonekana vizuri kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi mara nyingi hauonekani kama wekundu. Sehemu hubadilika rangi kidogo kuwa ya zambarau au nyeusi zaidi, au huwa na joto au ubaridi, au huwa ngumu au laini kuliko ngozi ya jirani, au mgonjwa mwenyewe anasema panauma. Muuguzi anayesubiri kuona wekundu atakosa daraja la 1 na kukutana na kidonda kikiwa tayari kimefunguka. Kwa hiyo karibu na kolamu ya "kilichohesabiwa" ongeza nyingine ndogo: ngozi ilikaguliwaje, na nani, mara ngapi. Utafiti uliofanyika Ulaya ukihesabu daraja la 1 kwa kubonyeza wekundu hauwezi kuhamishiwa wodi ya Mbeya kwa namba zake za daraja la 1. Namba zake za daraja la 2 na kuendelea zinabebeka vizuri zaidi, kwa sababu ngozi iliyofunguka imefunguka kwa kila mtu.

Wa pili ni Vanderwee na wenzake, 2007, Ubelgiji pia. Hapa kolamu inayotawala ni ya "nani aliingia". Wagonjwa 235 wa nyumba 16 za wazee walikubaliwa kwenye utafiti wakiwa *tayari* wana wekundu usiofifia. Yaani wote walianza na daraja la 1. Kundi moja liligeuzwa kwa vipindi visivyolingana, saa 2 kwa ubavu na saa 4 kwa mgongo; jingine saa 4 kila upande. Wote walikuwa kwenye godoro la kupunguza mgandamizo. Waliofikia kidonda kilichofunguka ni 20 kati ya 122 katika kundi la kwanza, sawa na asilimia 16.4, na 24 kati ya 113 katika kundi la pili, sawa na asilimia 21.2. Tofauti hiyo kitakwimu haikutosha kusema kwamba si ya bahati tu.

Wa tatu, Bergstrom na wenzake, 2013, ndio uliokuambia saa 2, 3 au 4 hakuna tofauti. Ni wakazi 942 wa nyumba 27 za wazee za Marekani na Kanada, wenye umri kuanzia miaka 65, *wasio na kidonda* mwanzoni, na wenye alama 10 hadi 14 kwenye skeli ya Braden, yaani hatari ya kati au kubwa. Wote walilala kwenye godoro la povu zito. Walifuatiliwa wiki 3. Waliopata kidonda ni 8 kati ya 321 waliogeuzwa kila saa 2, 2 kati ya 326 wa saa 3, na 9 kati ya 295 wa saa 4.

Weka sasa hizi tatu pamoja, kwa ufupi hivi:

| Utafiti | Aliingia nani | Godoro | Saa zilizolinganishwa | Kilichohesabiwa | Waliopata |
|---|---|---|---|---|---|
| Defloor 2005 | wazee wa nyumba za kutunzia | la kawaida (saa 2, 3). Povu maalumu (saa 4, 6) | 2, 3, 4, 6 | daraja la 2 na kuendelea. Wekundu kando | saa 4: 3%. Wengine 14–24% |
| Vanderwee 2007 | wazee wenye wekundu usiofifia tayari | la kupunguza mgandamizo, wote | 2 na 4 kwa zamu, 4 na 4 | daraja la 2 na kuendelea | 20/122, 24/113 |
| Bergstrom 2013 | wazee wasio na kidonda, Braden 10–14 | povu zito, wote | 2; 3; 4 | kidonda kipya kitakoni, nyongani au kisiginoni | 8/321; 2/326; 9/295 |

Usilisome kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Kusoma hivyo ndiko kunakozaa sura ya pili ya "Fulani (2005) alisema, Fulani (2013) akasema". Shika kolamu moja uteremke nayo kutoka juu hadi chini, ukijiuliza kwa nini visanduku vyake vinatofautiana.

Teremka na kolamu ya mwisho kwanza. Kwa nini Vanderwee wana asilimia 16 hadi 21 wakati Bergstrom hawafiki asilimia 4? Panda kolamu ya "aliingia nani" upate jibu: hawa walianza na ngozi iliyokwisha kuumia, wale walianza na ngozi nzima. Huwezi kusema nyumba za wazee za Marekani zina uuguzi bora kuliko za Ubelgiji kwa kulinganisha namba hizo mbili.

Teremka na kolamu ya godoro. Pale ambapo wote wako kwenye godoro zuri, kwa Vanderwee na kwa Bergstrom, kumgeuza mgonjwa mara nyingi zaidi ya kila saa 4 hakukuonyesha faida iliyo wazi. Kwa Defloor, ndani ya godoro zuri, saa 4 ilikuwa salama kuliko saa 6. Tafiti tatu ulizodhani zinapingana sasa zinasema jambo linaloelekeana: *kwenye godoro zuri*, saa 4 inaonekana kutosha. Na kuna jambo moja ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelisema, nalo ndilo lako wewe. Hakuna aliyesema saa 4 inatosha kwenye godoro jembamba la sponji lililobonyea katikati na kufunikwa makintoshi, ambalo ndilo wagonjwa wengi wa wodi zetu wanalilalia. Muuguzi akichukua "saa 4" ya Bergstrom na kuipeleka kwenye godoro hilo, amechukua nusu ya utafiti na kuiacha nusu nyingine Marekani.

Neno moja kuhusu zile 2 kati ya 326. Kuna mwanafunzi atakayeziona na kuandika kwamba saa 3 ndiyo bora kuliko zote. Tazama vizuri: katika watu 942 vidonda vilikuwa 19 tu. Kwa matukio machache hivyo, wagonjwa wanne au watano wakihama upande mmoja kwenda mwingine picha inabadilika, na hakuna sababu ya kimwili iliyo wazi ya kufanya saa 3 iwe salama kuliko saa 2 kwenye godoro lilelile. Ndiyo maana nasisitiza uandike waliopata juu ya wote, 2/326, usiandike asilimia peke yake. Asilimia inaficha uchache. Na "haikuonyesha tofauti" usiigeuze kuwa "hakuna tofauti", kwa sababu utafiti wenye matukio machache unaweza kushindwa kuiona tofauti iliyopo.

Utafiti wa nne nimeuweka kando makusudi, kwa sababu unahitaji kolamu yake: ni vitu vingapi vilibadilishwa kwa pamoja? Moore na wenzake, 2011, Ayalandi, walifanya kazi kwenye vituo 12 vya kutunzia wazee, wagonjwa 213, kwa wiki 4. Kundi la jaribio liligeuzwa usiku kila saa 3 kwa kuegemezwa nyuzi 30, yaani mgonjwa anainamishwa kidogo kwa mto mgongoni bila kulazwa ubavu kamili. Kundi linganishi liligeuzwa usiku kila saa 6 kwa ubavu wa nyuzi 90, kama ilivyokuwa desturi yao. Waliopata vidonda ni 3 kati ya 99 dhidi ya 13 kati ya 114, sawa na asilimia 3 na 11. Matokeo ni mazuri, lakini yametoka kwa saa au kwa nyuzi? Vimekwenda pamoja na haviwezi kutenganishwa. Ukiuweka kwenye kolamu ya saa kama ushahidi wa "saa 3 ni bora kuliko saa 6", mtahini makini atakuuliza swali hilo hilo na hutakuwa na jibu. Uandike kama ulivyo: mfuko wa mambo mawili. Halafu tazama pia kolamu ya kilichohesabiwa: hawa walihesabu daraja la 1 na la 2 kwa pamoja, na karibu nusu ya vidonda vyao ni vya daraja la 1. Kwa hiyo asilimia 11 yao haiwezi kukaa kando ya asilimia 14 ya Defloor kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwa Moore kuna mtego mwingine. Mwaka 2013 walichapisha makala ya gharama kutokana na jaribio hilohilo. Ukizipa makala hizo mistari miwili, umewahesabu wagonjwa 213 mara mbili. Mstari mmoja ni wa jaribio moja, hata likiwa limezaa makala tatu. Makala zinazofuata ziandike ndani ya mstari huohuo. Vivyo hivyo kwa mapitio makubwa. Mapitio ya Cochrane kuhusu kumgeuza mgonjwa, yaliyosasishwa mwaka 2020, yana majaribio 8 na washiriki 3,941, na Moore na Bergstrom wamo ndani yake. Ukiyapa mstari pamoja nao unakuwa umemsikiliza shahidi mmoja mara mbili ukadhani ni wawili. Mapitio yatumie kutafutia tafiti ulizozikosa na kupimia kama umeelewa vizuri, lakini yakae kwenye karatasi nyingine ya Excel.

Sasa namna ya kujaza. Jaza kutoka kwenye makala kamili, hasa sehemu ya mbinu. Ikisiri haitakuambia godoro lilikuwa la aina gani wala ngozi ilikaguliwa na nani. Kama makala imefungwa kwa malipo, muulize mkutubi wa chuo kuhusu Hinari, ambayo vyuo vyetu vinaweza kuitumia. Kila kisanduku kibebe jambo moja na namba ya ukurasa ulikolitoa, kwa sababu siku ya kutetea andiko hutakuwa na muda wa kulitafuta. Kisanduku kisiachwe wazi. Kama umetafuta na hukukuta, andika "haikuelezwa". Kama hawakulifanya, andika "haikufanyika". Mambo hayo mawili si sawa, na kisanduku kitupu hakitakukumbusha lilikuwa lipi. Mwishoni hesabu "haikuelezwa" ziko ngapi katika kila kolamu. Kolamu ya godoro ikijaa neno hilo, hayo yenyewe ni matokeo, na unaweza kuandika aya nzima juu yake.

Utajuaje kwamba jedwali linakwenda kombo? Visanduku vikianza kuwa na sentensi ndefu, unanakili ikisiri. Kolamu yenye jibu lilelile kuanzia juu hadi chini haina kazi, itoe na uitaje mara moja kwenye maelezo. Na mpe mwenzako makala mbili ajaze bila kuona ulichojaza wewe, kisha mlinganishe. Mkitofautiana kwenye "kilichohesabiwa", kichwa chako cha kolamu hakijaeleweka. Andika chini yake sentensi moja ya kukifafanua kabla hujaendelea na makala nyingine.

Kuhusu kutafuta, sitakawia sana. Mwaka 2016 jopo la Marekani linaloshughulikia vidonda hivi lilibadilisha jina linalotumika kwa Kiingereza, kwa hiyo tafiti za zamani na za sasa zimehifadhiwa chini ya majina tofauti. Ukitumia moja tu utapoteza miaka mizima. Kwenye PubMed anza na hii, kisha uipanue:

```
("pressure ulcer*" OR "pressure injur*" OR "pressure sore*"
OR bedsore* OR decubitus)
AND (reposition* OR turning)
AND (prevent* OR incidence)
```

Ukiongeza `AND (Tanzania OR Africa)` utapata tafiti za nyumbani na za jirani, na hapo uwe macho na jambo moja. Tafiti nyingi za aina hiyo huhesabu wagonjwa wenye vidonda siku moja wodini, waliokuja navyo na waliovipatia hapo, wote pamoja. Tafiti nne nilizokueleza zinahesabu vidonda *vipya* baada ya kufuatilia wiki kadhaa. Namba hizo mbili hazikai kolamu moja kabisa. Hospitali inayopokea wagonjwa waliolala nyumbani kwa wiki mbili kabla ya kuletwa itakuwa na wengi wenye vidonda siku ya kuhesabu, hata kama wauguzi wake hawajamwachia mgonjwa hata mmoja apate kipya. Weka kolamu ya "aina ya hesabu" na maneno mawili tu: "waliopo" au "vipya". Tafiti za "waliopo" zitumie kuonyesha ukubwa wa tatizo katika sura ya kwanza. Kwenye ubishi wa saa usiziite.

Kolamu ya mwisho ninayokuomba uiweke ni ya "nani aligeuza". Kwenye tafiti hizi nne wagonjwa waligeuzwa na wafanyakazi wa nyumba hizo waliofuata ratiba ya utafiti. Wewe unajua usiku wodini kwetu mambo yakoje: muuguzi mmoja au wawili, wagonjwa wengi, na anayemgeuza baba aliyepooza mara nyingi ni binti yake aliyelala chini ya kitanda kwenye mkeka. Hilo halimo kwenye tafiti nyingi, na kama halimo, jedwali litakuonyesha lisivyomo.

Ukishafika hapo, aya zako zitajiandika kwa kolamu. Nakupa mfano wa aya ya godoro, uione sura yake, kisha uandike yako kwa maneno yako:

*"Katika majaribio ambayo washiriki wote walilala kwenye godoro la kupunguza mgandamizo, kufupisha muda wa kugeuza chini ya saa 4 hakukuonyesha upungufu wa wazi wa vidonda (Vanderwee na wenzake, 2007, Bergstrom na wenzake, 2013), ingawa makundi hayo yalitofautiana sana katika hali ya ngozi mwanzoni. Defloor na wenzake (2005) walipata matokeo bora zaidi kwa saa 4, lakini kundi hilo lilikuwa na godoro tofauti na makundi ya saa 2 na 3, hivyo athari ya saa haiwezi kutenganishwa na ya godoro. Katika haya matatu hakuna lililopima saa 4 kwenye godoro la kawaida."*

Waandishi watatu wamekaa ndani ya sentensi tatu na kila mmoja amemjibu mwenzake. Sentensi ya mwisho ndiyo pengo la utafiti wako, na hukulitunga. Limetoka kwenye kisanduku kilichokosekana. Kabla ya kuiandika hivyo kwenye sura yako, ipime dhidi ya makala zote ulizonazo, si hizi tu.

Kwa muda ulionao, usianze na makala zote. Chukua hizi nne pamoja na nyingine chache zinazohusu kugeuza tu, uzijaze hadi mwisho, uandike aya ya "kilichohesabiwa" na aya ya godoro, na umpelekee msimamizi aya hizo mbili pamoja na jedwali kabla hujagusa zilizobaki. Akizikubali, vichwa vya kolamu ni sahihi na kilichobaki ni kujaza. Akivirekebisha, utakuwa umerekebisha mistari michache tu.